Barua kwa Bodi: Namna ya Kupendekeza Hisa Stahiki Badala ya Mkopo

Barua ngumu kuliko zote ambazo mkurugenzi wa fedha huiandikia bodi yake ni ile inayowaomba wenye kampuni watoe pesa mfukoni wakati benki iko tayari kukopesha. Mkopo hauna kelele. Unasainiwa ofisini, gawio linaendelea kutoka, na hakuna mwanahisa anayepiga simu kuuliza kulikoni. Hisa stahiki ni kinyume chake. Kampuni inatoa hisa mpya na kuwauzia kwanza wanahisa waliopo, kila mmoja kwa kadiri ya hisa alizonazo, kwa bei iliyo chini ya bei ya sokoni na ndani ya muda maalumu. Kila mtu anajua, na kila mtu ana neno la kusema. Kwa hiyo barua inayopendekeza njia hiyo lazima ibebe hesabu zake yenyewe, maana mkurugenzi wa fedha hatakuwapo wajumbe watakapoisoma nyumbani usiku wa kuamkia kikao.

Makala haya ni kwa yule anayejiandaa kuiandika. Nitatumia kampuni ya mfano, ya kusaga nafaka, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, inayotaka kujenga kinu cha pili. Tarakimu zake nimezichagua ili hesabu ifuatike, lakini hali yake ni ya kawaida kabisa.

Kampuni hiyo ina hisa milioni 100, na kila hisa inauzwa shilingi 500 sokoni. Ina deni la shilingi bilioni 48 kwa riba ya asilimia 15. Faida yake kabla ya riba, kodi na uchakavu ni bilioni 20 kwa mwaka. Ukitoa uchakavu wa bilioni 6 inabaki bilioni 14, ukitoa riba ya bilioni 7.2 inabaki bilioni 6.8, na baada ya kodi ya asilimia 30 wenye hisa wanabakiwa na bilioni 4.76, yaani shilingi 47.60 kwa kila hisa. Kinu kipya, pamoja na mtaji wa kukiendesha, kinahitaji bilioni 24. Kikifika uwezo wake wote kitaongeza bilioni 8 kabla ya uchakavu, na bilioni 6 baada yake. Benki imesema itakopesha zote kwa asilimia 16.

Kosa la kwanza ambalo barua nyingi hufanya ni kudai kwamba hisa ni rahisi kuliko mkopo. Si kweli, na kwenye kila bodi yupo mjumbe anayejua si kweli. Riba hupunguza faida inayotozwa kodi, gawio halipunguzi. Mwenye hisa analipwa mwisho, baada ya benki, wafanyakazi, wauzaji na serikali, na kwa hatari hiyo hudai zaidi ya anachodai mkopeshaji. Tena anaweza kuziacha hisa zako akanunua hati fungani ya serikali, akalala usingizi. Mtaji wa hisa una gharama kubwa, ila gharama hiyo haiji na ankara ya kila mwezi. Ukiandika kwamba pesa za wanahisa hazina gharama, umempa mjumbe huyo sababu ya kutoisoma sehemu iliyobaki.

Anza na ukweli unaokuumiza. Fanya hesabu ya mwaka ambao kinu kipya kinafanya kazi kama ilivyopangwa. Kwa njia ya mkopo, faida kabla ya riba ni bilioni 20, riba ya deni la zamani na jipya ni bilioni 11.04, na baada ya kodi inabaki bilioni 6.27 kwa hisa zilezile milioni 100. Hiyo ni shilingi 62.70 kwa kila hisa. Kwa njia ya hisa stahiki, tuseme zimeuzwa hisa mpya milioni 60 kwa shilingi 400 kila moja, riba inabaki bilioni 7.2, faida baada ya kodi inapanda hadi bilioni 8.96, lakini inagawanywa kwa hisa milioni 160. Inakuja shilingi 56. Mambo yakienda sawa, basi, mkopo unamshinda mwenzake kwa karibu shilingi 7 kwa kila hisa. Iandike hivyo, mapema, kwa sentensi isiyo na kona:

“Ndugu Mwenyekiti, iwapo kinu cha pili kitafikia uzalishaji uliokusudiwa, kila mwanahisa atapata faida kubwa zaidi kwa hisa moja kama tutakopa kuliko kama tutatoa hisa mpya. Pendekezo langu halitokani na mwaka huo. Linatokana na miaka miwili itakayoutangulia.”

Hapo ndipo hoja ilipo. Kinu hakianzi kusaga siku mkataba unaposainiwa. Mashine zinaagizwa, zinakaa baharini, zinakaa bandarini, zege linamwagwa, umeme unasubiriwa, mafundi wanakuja kufunga na kujaribu. Tuseme ni miezi 18. Katika muda wote huo riba ya mkopo mpya, bilioni 3.84 kwa mwaka, inadaiwa na kinu chenyewe hakijatoa hata gunia moja la unga. Inalipwa na kinu cha zamani.

Na hapa kuna jambo ambalo wajumbe wasio wahasibu hawalioni mpaka waoneshwe. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 23 kinataka riba ya mkopo uliochukuliwa kujengea mtambo kama huu iongezwe kwenye gharama ya mtambo wakati wa ujenzi, badala ya kupunguzwa kwenye faida ya mwaka. Ni utaratibu sahihi wa kihasibu. Lakini matokeo yake ni kwamba hesabu ya faida na hasara ya mwaka wa ujenzi itapendeza kuliko hali halisi, kwa sababu bilioni 3.84 zimelipwa benki na hazionekani kwenye faida. Zinaonekana kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Kwa hiyo weka kwenye barua yako jedwali la mtiririko wa fedha kwa kila robo mwaka hadi kinu kifike uwezo wake, na uiache hesabu ya faida iwe kiambatisho. Bodi inayoamua kwa kutazama faida pekee itadhani miaka ya ujenzi ni shwari.

Kisha ielekeze bodi kwenye masharti ya mkopo wa sasa. Mikataba mingi ya benki huweka ukomo wa deni kulingana na faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Tuseme kwa kampuni yetu ukomo ni mara 3. Leo deni ni bilioni 48 na faida hiyo ni bilioni 20, kwa hiyo iko mara 2.4, na kuna nafasi ya kupumua. Ukiongeza bilioni 24 kabla kinu kipya hakijaanza kuzalisha, deni linakuwa bilioni 72 kwa faida ileile ya bilioni 20. Hiyo ni mara 3.6. Sharti limevunjwa siku ileile pesa zinapoingia zote, hata kama biashara haijayumba kidogo.

Mjumbe atasema benki italegeza sharti kwa sababu ndiyo inayokopesha. Huenda ikawa hivyo. Lakini kulegeza huja na bei: riba inapanda, benki inataka rehani zaidi, au inataka gawio lisitolewe bila ruhusa yake. Na ruhusa hiyo ina mwisho. Fanya jaribio la pili mbele ya macho yao: mvua zimegoma, mahindi yamepanda bei, na faida ya kinu cha zamani imeshuka kwa asilimia 15 hadi bilioni 17. Bila mkopo mpya, uwiano unakuwa mara 2.8, kampuni bado iko ndani ya mpaka. Kwa mkopo mpya unakuwa mara 4.2. Hapo mazungumzo na benki hayafanyiki tena kirafiki. Benki inaweza kuudai mkopo wote kwa mkupuo, na kwa kuwa deni hilo sasa linaweza kudaiwa wakati wowote, mkaguzi wa hesabu atalihamishia kwenye madeni ya muda mfupi. Mizania iliyokuwa nzuri inageuka kuwa ya kutisha kwa mstari mmoja. Wauzaji wa mahindi wanaposikia, wanaanza kudai malipo taslimu.

Kama mashine zinanunuliwa kwa dola na benki inapendekeza mkopo wa dola kwa sababu riba yake ni ndogo, ongeza aya moja juu ya hilo na usiipe zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,330. Kufikia katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600. Aliyekopa dola milioni 10 alianza na deni la karibu bilioni 23.3, akajikuta anadaiwa zaidi ya bilioni 26 bila kukopa hata senti mpya. Unga unauzwa kwa shilingi. Hisa pia zinauzwa kwa shilingi, kwa hiyo mashine zikishalipiwa, kupanda kwa dola hakuongezi deni lolote.

Baada ya hayo ndipo unapotoa mstari wa mwisho wa hesabu, ambao kwa maoni yangu ndio wenye nguvu kuliko yote katika barua ya namna hii. Tafuta kiwango cha faida ambapo njia zote mbili zinampa mwanahisa kiasi kilekile. Kwa kampuni yetu ni faida kabla ya riba na kodi ya bilioni 17.44. Leo iko bilioni 14. Maana yake, kinu kipya lazima kilete angalau bilioni 3.44 kati ya bilioni 6 zilizotarajiwa ndipo mkopo uwe na nafuu. Kikileta nusu tu, bilioni 3, mkopo unampa mwanahisa shilingi 41.70 kwa hisa na hisa stahiki zinampa 42.90. Kisipoleta kitu kwa mwaka mzima, mkopo unampa shilingi 20.70 na hisa stahiki karibu 29.80. Sasa bodi haijadili tena kama inapenda benki au soko la hisa. Inajadili swali moja linalojibika: tuna uhakika gani kwamba kinu hiki kitafikia zaidi ya nusu ya matarajio, na kwa tarehe ipi? Mkurugenzi wa uzalishaji na wa masoko wana majibu. Waite waulizwe.

Ikifika hapo, wajumbe wataigeukia bei. Watasema hisa yenye thamani ya shilingi 500 kuuzwa 400 ni kuitupa kampuni. Pingamizi hili halijibiwi kwa maneno. Linajibiwa kwa kumchukua mwanahisa mmoja na kumfuatilia mpaka mwisho.

Tumchukue mwenye hisa 1,000, kwa mfano mwalimu mstaafu aliyezinunua kampuni ilipoorodheshwa. Zina thamani ya shilingi 500,000. Toleo letu ni hisa tatu mpya kwa kila hisa tano, kwa hiyo ana haki ya kununua 600 kwa jumla ya shilingi 240,000. Baada ya toleo, bei ya hisa kinadharia haiwezi kubaki 500, kwa sababu soko lina hisa tano za shilingi 500 na tatu za shilingi 400. Hisa nane zina thamani ya shilingi 3,700, na kila moja inakuwa 462.50. Akinunua zote, anakuwa na hisa 1,600 zenye thamani ya shilingi 740,000, ambazo ni zile 500,000 alizokuwa nazo pamoja na 240,000 alizotoa. Hajapata wala hajapoteza. Asipokuwa na pesa, anaweza kuziuza haki zake sokoni wakati wa dirisha la mauzo. Kila haki inastahili kama shilingi 62.50, na haki 600 zinampa 37,500. Hisa zake 1,000 sasa ni shilingi 462,500. Jumla inarudi 500,000.

Anayepoteza ni yule asiyefanya lolote. Huyo anabaki na shilingi 462,500, na 37,500 zimeyeyuka. Kwa hiyo punguzo la bei si zawadi kwa mgeni. Wanunuzi ni wenye kampuni haohao, na wanajipunguzia wenyewe. Hatari iko kwa mwanahisa ambaye barua haikumfikia, aliyehama anwani, aliyefariki na mirathi haijafunguliwa, au aliyepokea fomu yenye kurasa nyingi akaiweka chini ya godoro. Kwenye masoko yetu watu hao ni wengi kuliko bodi zinavyodhani. Pendekezo lako liwe na bajeti ya kuwatafuta: ujumbe wa simu, matangazo ya redio, madalali wa soko la hisa mikoani, na maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi yanayosema wazi kwamba haki zinauzika na zina tarehe ya mwisho. Hilo ni jambo la haki kwanza, na la kufanikisha toleo baadaye.

Punguzo lina kazi nyingine ambayo wajumbe wanastahili kuijua. Kati ya siku bei inapotangazwa na siku dirisha linapofungwa, soko linaendelea kutembea. Bei ya sokoni ikishuka chini ya bei ya toleo, hakuna mwenye akili atakayenunua kwako. Mwaka 2008 benki ya Uingereza iliyojulikana kwa kifupi kama HBOS ilitoa hisa stahiki za pauni bilioni 4 kwa pensi 275 kila moja. Hisa zake zikaporomoka chini ya bei hiyo, na wanahisa wakachukua kama asilimia 8 tu. Zilizobaki ziliwaangukia wadhamini wa toleo na wenzao. Punguzo la asilimia 20 kwa kampuni yetu ni nafasi ya shilingi 100 ambayo bei inaweza kushuka bila toleo kufa. Tofauti na HBOS, makampuni mengi ya kwetu hayana mdhamini wa toleo aliyejifunga kununua mabaki, na kwa hiyo nafasi hiyo ndiyo kinga kubwa yaliyonayo.

Kinga nyingine ni mwanahisa mkubwa. Usipeleke barua hii kwenye bodi kabla hujajua atafanya nini. Tuseme kampuni yetu ina mwanahisa mwenye asilimia 55. Sehemu yake ya toleo ni bilioni 13.2. Akitoa ahadi ya maandishi isiyoweza kutenguliwa kwamba atachukua zote, toleo limeshavuka nusu kabla halijatangazwa. Asipoweza, au akisitasita, pendekezo lako halina miguu, na ni heri ulijue hilo wakati bado ni rasimu. Mwaka 2015 Benki ya CRDB iliuza hisa stahiki milioni 435.3 kwa shilingi 350 kila moja, hisa moja kwa kila tano, na kuchangisha zaidi ya shilingi bilioni 152. Inaonesha kwamba soko la Dar es Salaam linaweza kubeba toleo kubwa. Lakini CRDB ilikuwa na wanahisa wengi, wakiwemo mifuko na taasisi zenye uwezo. Usiinukuu kama ushahidi kwamba na wewe utafanikiwa. Chukua rejista ya wanahisa wako, orodhesha ishirini wa juu, na uandike kando ya kila jina utakachotarajia na kwa nini.

Tahadhari inahitajika pia kwenye kusoma matoleo ya wengine. Toleo la KenGen la mwaka 2016 nchini Kenya lilifikia asilimia 92 ya lengo la shilingi za Kenya bilioni 28.8. Ni asilimia nzuri. Ila serikali, mwenye hisa mkubwa, ilichukua sehemu yake kwa kugeuza deni la zaidi ya bilioni 20 kuwa hisa. Mizania ilisafishwa kweli, na hilo lilikuwa jambo la maana, lakini pesa taslimu zilizoingia zilikuwa kidogo sana kuliko asilimia ile inavyoashiria. Unapoweka mifano kwenye barua, tenganisha pesa zilizoingia na madeni yaliyobadilishwa sura.

Sasa sehemu ambayo ningependa kila mkurugenzi wa fedha aiandike kwa mkono wake mwenyewe bila kumwachia mshauri: itakuwaje toleo lisipojaa?

Shirika la ndege la Kenya Airways lilijaribu mwaka 2012 kuchangisha shilingi za Kenya bilioni 20.7 kwa hisa stahiki, kwa shilingi 14 kila hisa, ili kugharimia mpango mkubwa wa kupanua safari na kuongeza ndege. Zikapatikana bilioni 14.5, kama asilimia 70. Mpango wa ndege ukaendelea, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na mikopo. Kwa mwaka ulioishia Machi 2015 shirika lilitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7. Sababu zake ni nyingi, pamoja na kudorora kwa utalii na hofu ya ebola, na si haki kuzitupia zote kwenye toleo lile. Lakini mwaka 2017 ilibidi madeni yageuzwe kuwa hisa: serikali ikafikia asilimia 48.9, mabenki ya ndani yakachukua asilimia 38.1, na KLM ikashuka hadi asilimia 7.8. Wanahisa wadogo waliotoa shilingi 14 mwaka 2012 walibaki na kipande chembamba. Upanuzi uliopangwa kwa mtaji wa wenyewe uliendelea kwa mtaji wa wakopeshaji, na wakopeshaji wakaishia kuwa wenyewe.

Kwa kampuni yetu ya nafaka, hesabu ya tahadhari ni fupi. Mwanahisa mkubwa analeta bilioni 13.2. Waliobaki wakichukua nusu tu ya sehemu yao, wanaleta bilioni 5.4. Jumla ni bilioni 18.6. Basi kinu kigawanywe tangu kwenye michoro: awamu ya kwanza, yenye jengo, maghala na mstari mmoja wa kusagia, isizidi bilioni 18 pamoja na gharama za toleo lenyewe, na mstari wa pili usubiri. Barua iseme hivi:

“Toleo likifikia chini ya bilioni 18, naomba Bodi iamue leo kwamba pesa zitarudishwa na mradi utasimama. Likifikia kati ya bilioni 18 na bilioni 24, tutajenga awamu ya kwanza pekee. Katika hali zote mbili hatutakopa kuziba pengo bila kurudi kwenye Bodi kwa pendekezo jipya. Mkataba wa kununua mashine hautasainiwa kabla ya matokeo ya toleo kuthibitishwa.”

Sentensi ya mwisho katika nukuu hiyo ndiyo itakayoleta ubishi. Muuzaji wa mashine atakuwa ametoa bei inayoisha baada ya siku 60 au 90, na toleo haliishi kwa siku 60. Bodi ikishakubali, ule mtaji ulioidhinishwa ukiwa hautoshi lazima Mkutano Mkuu wa Wanahisa uuongeze, na mkutano unahitaji taarifa ya siku 21. Waraka wa toleo unaandaliwa pamoja na wakili, mkaguzi na dalali mkuu, unapelekwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, unarudi na maswali, unapelekwa tena. Soko la Hisa nalo lina idhini yake. Daftari la wanahisa linafungwa kwa tarehe maalumu, haki zinauzwa kwa wiki kadhaa, hisa zinagawiwa, kisha zinaorodheshwa. Weka miezi sita kwenye kalenda yako na ujadiliane na muuzaji kuhusu malipo madogo ya kushikilia bei. Kampuni nyingi huchukua mkopo wa muda mfupi wa kungojea pesa za toleo. Toleo likipungua, mkopo huo wa muda mfupi unageuka kuwa wa kudumu, kwa masharti ambayo hakuna aliyeyachagua.

Neno moja juu ya wanahisa wadogo, kwa sababu bodi hupenda kulipita haraka. Katika hali ya bilioni 18.6, mwanahisa mkubwa anatoka asilimia 55 na kufika takriban 60 bila kuvunja sheria yoyote. Wadogo wataona, na baadhi watasema toleo lilipangwa ili wao wamezwe. Njia ya kuzuia tuhuma hiyo ni kuweka mambo mawili kwenye barua: kwamba bei na uwiano vitapitishwa na wajumbe wa bodi wasio na uhusiano na mwanahisa mkubwa, na kwamba mabaki ya hisa yatagawiwa kwanza kwa wanahisa wadogo walioomba za ziada. Mwanahisa mkubwa akikataa la pili, bodi ijue sababu kabla ya kupiga kura.

Zipo hali ambazo nisingeiandika barua hii hata kidogo. Kama deni la kampuni lingekuwa bilioni 12 badala ya 48, mkopo wa bilioni 24 ungeifikisha mara 1.8 tu ya faida yake, chini kabisa ya ukomo, na kuwasumbua wanahisa kusingekuwa na msingi. Kama pesa zinahitajika kununua mahindi ya msimu na kuyauza ndani ya miezi sita, huo ni mkopo wa benki, unaolipwa na mzigo wenyewe. Na kama sababu halisi ya kutaka hisa ni kwamba benki zimekataa kukopesha kwa kuwa mradi hauoneshi faida, basi wanahisa wanaombwa kubeba kile ambacho watu wenye kazi ya kupima hatari wamekikimbia. Katika hali hiyo mkurugenzi wa fedha ana wajibu wa kuiambia bodi hivyo hivyo.

Urefu wa barua usizidi kurasa nne, viambatisho pembeni. Kichwa chake kitaje kiasi, uwiano na bei, mfano: “YAH: PENDEKEZO LA KUTOA HISA STAHIKI MILIONI 60 KWA SHILINGI 400, HISA TATU KWA KILA TANO.” Ifike mikononi mwa wajumbe angalau siku kumi kabla ya kikao, na mwisho wake iombe maamuzi yanayoweza kupigiwa kura moja moja: kukubali kiasi, kuidhinisha kiwango cha chini cha toleo, kuitisha Mkutano Mkuu, na kumteua dalali mkuu na wakili. Usiombe bodi ipokee taarifa. Bodi iliyopokea taarifa haijaamua kitu, na muuzaji wa mashine ataendelea kuhesabu siku zake. Kabla hujaisaini, mpe mhasibu mmoja ambaye hakushiriki kuiandaa, mwombe arudie kila hesabu kwa kuanzia kwenye mizania, kisha mpelekee mwanahisa mkubwa nakala ya ukurasa wa ahadi yake. Akiirudisha imesainiwa, peleka barua kwenye bodi.